Tusi Lililokosa Sauti

"Sawa."

Ndilo jibu zima. Spika alikuwa akilisubiri tangu jana, na lilipofika lilikuwa neno moja na nukta yake. Aliipandisha skrini, akaishusha, akaizima simu na kuiwasha tena, huenda sehemu nyingine ya jibu ilikuwa imekwama njiani. Hakuna kilichokuja.

Jina la Spika alipewa na wenzake wa stesheni. Kazi yake ilikuwa kutangaza treni, na hata akitoka kwenye kibanda cha matangazo mdomo wake ulikuwa hauna swichi. Alikuwa na sauti mbili. Ya kazini ilikuwa tambarare, imepigwa pasi, usingeweza kujua kama mwenye nayo amefiwa au amevishwa pete. Ya kawaida ilikuwa na milima na mabonde, na kicheko kiliidandia kila sentensi kabla haijafika mwisho. Abiria waliijua ya kwanza. Mwoka mikate wa ng'ambo ya barabara aliipenda ya pili.

Ilipofika saa ya chakula aliingia chumba cha wafanyakazi, simu mkononi kama mgonjwa aliyebeba cheti.

"Jamani, nisomeeni hii. Ina maana gani?"

Mkata tiketi, mwanamume wa makamo ambaye hakuna foleni iliyowahi kumharakisha, alimeza tonge kwanza ndipo akasoma. "Sawa," alisema, polepole, kama mtu anayekubali kuongezewa chai. "Si amekubali? Tatizo liko wapi?"

"Hebu lete." Mama mfagiaji aliinyakua simu. Huyu alikuwa ameolewa mara mbili na mara zote mbili aliondoka na vyombo vyake. Alisoma, akaibana midomo. "Sawa! Mwanangu, hii ni sawa ya mtu aliyekwisha kufunga begi. Pole sana."

"Begi gani? Mtu yuko jikoni, ana unga mikononi, ameandika kwa kidole kimoja," mkata tiketi alisema.

"Wanaume mna vidole kumi mkitaka kitu."

Spika aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Lakini neno si ni hilo hilo? Mbona kila mtu analisoma kivyake?"

"Kwani limekuja na sauti?" mkata tiketi akauliza. "Limekuja uchi. Kila mtu analivika nguo za nyumbani kwake. Sasa tuambie, wewe ulimwandikia nini mpaka ukajibiwa hivyo?"

Hapo Spika akababaika kidogo, maana swali hilo lilikuwa na mizizi.

Mapenzi yao yalianza kwa matusi. Asubuhi moja aliingia kwenye duka la mikate, akaugonga mkate kwa kucha na kuuliza, "Huu unauzwa pamoja na saruji?" Mwoka mikate aliinua macho. Alikuwa na macho ya upole, nyusi zimeota unga, na upande mmoja wa mdomo ukaanza kucheka kabla ya mwingine kupata habari. "Kwa meno hayo, dada," alisema, "hata saruji italainika yenyewe kwa woga." Spika alicheka mpaka akasahau kuuchukua mkate. Kesho yake alirudi kuufuata, na keshokutwa, na tangu siku hiyo hapakupambazuka bila tusi.

Lakini matusi yale yalikuwa na utaratibu wake, ingawa hawakuwahi kuusema. Spika alikuwa akitoa nusu ya tusi, kisha anamtazama. Ukianza kucheka ule upande wa mdomo, anammalizia nusu iliyobaki. Siku ambayo tanuri lilikuwa limeharibika, alianza, "Leo mikate yako inafanana na..." akaona mdomo haujatikisika, akaimeza ile nusu ya pili na kuuliza, "Kuna nini, mpenzi?" Hakujua hata kwamba alikuwa anafanya kazi hiyo. Jicho lilifanya, ulimi ukafuata.

Sasa mwoka mikate alikuwa amekwenda mji wa kwao, nyumbani kwa mama yake, kufanya majaribio kwenye jiko la hoteli kubwa. Akiipata kazi, wangeoana mwaka huu huu. Na Jumamosi Spika alitakiwa kupanda treni, yeye ambaye huwatangazia wenzake tu, aende akatambulishwe kwa mama mkwe. Gauni lilikuwa limekwisha kushonwa, limening'inia mlangoni, na kila akipita analishika mkono kama anamsalimia mtu.

Jana mchana mwoka mikate alimtumia picha. Mkate juu ya meza, basi, bila neno hata moja. Spika alikuwa kwenye kibanda, kati ya treni moja na nyingine. Aliiona, kicheko kikampanda, akaandika upesi:

"Hilo tofali wapelekee wajenzi. Hapo jikoni wanakuvumilia kwa huruma tu."

Alipokuwa anaandika alikuwa anajisikia kabisa kichwani: ile "tofali" ameivuta, ile "huruma" ameipandisha juu mpaka ikapasuka kicheko. Hakutia hata alama ya kicheko. Ya nini, na yeye mwenyewe alikuwa anacheka? Akatuma, akashika kipaza sauti, akatangaza treni.

Kimya. Baada ya muda akaandika, "Mbona kimya? Utani tu jamani. Siku hizi hutaniki?" Kimya tena. Jioni akaona labda aongeze sukari, akamtumia vikatuni saba vya nyuso zinazocheka mpaka zinalia. Ndipo leo ikaja ile sawa.

"Hebu nisomee ulichoandika," mkata tiketi alisema.

Spika alisoma kwa milima na mabonde yake yote. Mama mfagiaji alicheka mpaka akashika mbavu. Mkata tiketi naye akatabasamu.

"Unaona?" Spika alisema. "Kila mtu anacheka. Yeye ana nini?"

"Yeye hakukuona wewe. Lete simu." Mkata tiketi alifuta vidole, akakaa wima, akaisogelea simu kama anavyousogeza mdomo kwenye kitundu cha dirisha la tiketi, na kwa sauti ile ile anayowaambia watu kwamba viti vimekwisha, akasoma: "Hilo tofali wapelekee wajenzi. Hapo jikoni wanakuvumilia kwa huruma tu. Mbona kimya. Utani tu jamani. Siku hizi hutaniki."

Mama mfagiaji aliacha kucheka.

"Kisha," mkata tiketi aliendelea kwa sauti ile ile, "nyuso saba zinacheka."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Spika kuyasikia maneno yake bila yeye mwenyewe kuwamo ndani. Hiyo haikuwa sauti ya mtu anayependa. Hiyo ilikuwa barua ya kufukuzwa kazi, na mwishoni watu saba wanamcheka aliyefukuzwa.

"Mimi sikusema hivyo," alinong'ona.

"Hukusema kabisa. Uliandika."

Simu ikaita pale pale mikononi mwa mkata tiketi, Spika akaichukua na kuipokea. Alikuwa wifi yake Spika, dada wa mwoka mikate, msichana mwenye huruma lakini asiyeweza kufunika chungu.

"Wifi, umefanya nini?" alianza hata kabla ya salamu. "Kaka aliacha simu mezani jana, ujumbe ukaingia, mama akaniambia nimsomee, miwani hakuwa nayo. Nikamsomea."

"Ulimsomea vipi?"

"Kama ulivyoandikwa."

Spika alifumba macho. Wifi alikuwa karani wa mahakama.

"Mama amesema, 'Huyo ndiye mnayeniletea Jumamosi? Anamtukana mwanangu siku aliyoangushwa?' Amesema usije, wifi."

"Siku aliyoangushwa? Nani kamwangusha?"

"Hukujua? Mkate ulimharibikia. Jiko la pale lina joto, donge likaumuka kupita kiasi, kuingia tanurini likabonyea katikati. Mpishi mkuu akamwambia mbele ya watu, 'Nakupa nafasi ya pili kwa huruma tu.' Akapiga ile picha, akaja nayo nyumbani ndipo akakutumia wewe. Alitaka umpe moyo."

Kwa huruma tu. Maneno yale yale, siku ile ile. Spika aliitoa picha na kuikuza. Katikati ya mkate palikuwa na shimo, wazi kabisa kwa mwenye kutazama. Jana hakutazama. Aliona mkate, akakumbuka mchezo.

Machozi yalimtoka, na wala hakuyaficha. Utani wao ulikuwa mtamu kwa sababu wote wawili walijua ni uongo: mikate yake ilikuwa mizuri kuliko yote mtaani. Jana, kwa siku moja tu, uongo ule ulikuwa kweli, na angemwona uso angejua kabla ya neno la pili. Simu haikumwonyesha uso. Ilimpelekea tusi zima zima, nusu zote mbili, likakaa mezani likisubiri kusomwa na kila mwenye macho.

"Mpigie," mama mfagiaji alisema.

Alipiga. Haikupokelewa. Akapiga tena, ikakatwa.

"Basi mwandikie," mkata tiketi alisema. "Ila safari hii bila mbwembwe."

Spika alirudi kwenye kibanda, akajifungia. Aliandika, "Samahani kama umeumia." Akaisoma kwa sauti ya kazini, kwa majaribio. Ikasikika kama anamwambia, umeumia kwa hiari yako. Akafuta. Akaandika, "Unajua mimi ninavyotania, nawe umezidi kuchukulia mambo kwa uzito." Hiyo hata hakuimaliza. Akaandika mzaha mpya kuhusu mdomo wake mwenyewe, akaona ni kumwaga maji juu ya sakafu iliyokwisha kuteleza. Akafuta.

Taa nyekundu ikawaka mezani. Mkuu wa zamu alimwambia treni ya alasiri imehamishwa, naye alikuwa amekwisha kuitangaza jukwaa la kwanza. Spika akashika kipaza sauti, na mdomo ukafanya kazi yake bila kufikiri: "Abiria wapendwa, tangazo letu la awali lilikuwa na kosa. Treni haitafika jukwaa la kwanza. Itafika jukwaa la pili. Tunarudia, jukwaa la pili. Kosa ni letu, tunaomba radhi."

Akaachia kitufe, akabaki ameduwaa.

Miaka yote hiyo alikuwa akirekebisha makosa mbele ya mamia ya watu, na hakuwahi hata siku moja kusema "samahani kama kuna abiria aliyechanganyikiwa." Wala "mbona hamna utani." Anasema lililokosewa, anasema lililo kweli, anasema kosa ni la nani, na anasema upesi, kabla watu hawajapandia jukwaa lisilo lao. Akavuta simu.

"Mpenzi, ujumbe wangu wa jana ulikuwa na kosa. Nilidhani natania. Sikuutazama mkate vizuri, wala sikukuuliza siku yako imekuwaje. Kichwani mwangu zile nyuso zilikuwa zinacheka pamoja nawe; kwako zimefika zinakucheka. Ukweli ni huu: wewe ni mwoka mikate hodari kuliko wote ninaowajua, na mimi najivunia kupendwa na wewe. Kosa ni langu, si lako. Hulazimiki kujibu sasa. Ukitaka kuisikia sauti yangu, nipigie, nami nitasikiliza kuliko kusema."

Aliusoma kwa sauti ya mkata tiketi. Akausoma kwa sauti ya karani wa mahakama. Akausoma hata kwa sauti ya mama mkwe ambaye hakuwahi kumsikia. Kwa sauti zote tatu ulibaki ule ule. Akatuma.

Treni ya alasiri ilifika na kuondoka. Spika alikuwa akikunja waya wa kipaza sauti simu ilipoita, na karibu ajinyonge nao.

"Haloo?"

Pumzi kwanza. Kisha sauti aliyoikosa kama maji. "Utasikiliza kuliko kusema?"

"Ndiyo."

"Wewe?"

"Mimi."

"Basi nisubiri niite shahidi."

Spika alitaka kujibu kwa tusi, akalimeza. "Niambie kuhusu jana," alisema.

Akaambiwa. Tanuri geni, joto la jiko, wasaidizi waliosimama kutazama, mpishi mkuu na ule mdomo wake. Spika alisikiliza mpaka mwisho, akisema "mh" na "pole" tu, na mama mfagiaji aliyekuwa ameweka sikio mlangoni hakuamini.

"Niliposoma ujumbe wako," mwoka mikate alisema, "niliusikia kwa sauti ya yule mpishi. Nilijaribu kuusikia kwa sauti yako, ikakataa. Kila nikirudia kuusoma, ndivyo yeye anavyozidi kupayuka."

"Na ile sawa?"

"Ipi?"

"Uliyoniandikia leo! Nimeipeleka kwa wataalamu wawili!"

"Ah! Nilikuwa nakanda. Nilikuwa na hasira kidogo, lakini unga mwingi zaidi."

"Mkata tiketi amepata," Spika alisema, na mlangoni mama mfagiaji akasonya.

Kimya kikapita, lakini hiki kilikuwa na pumzi ndani, kimya cha watu wawili walio mahali pamoja. Kisha mwoka mikate akasema polepole, "Hebu useme. Ule ujumbe. Useme kama ulivyotaka niusikie."

"Sithubutu."

"Mimi ndiye niliyetukanwa, na mimi ndiye ninayeomba."

Spika alijikohoza. "Hilo tofa-a-ali," alianza, akaivuta kama alivyoivuta jana kichwani, akasikia pua ya mwenzake ikitoa upepo, ile dalili kwamba upande mmoja wa mdomo umeanza, akaendelea, "wapelekee waje..." na hapo kicheko kikamshinda, kikamshika na mwenzake, na nusu ya pili haikutamkwa kamwe, wala haikuhitajika.

"Leo nimeoka upya," alisema mwoka mikate alipopata pumzi. "Nimepunguza hamira, nikaumua donge nje ya jiko. Mkate umesimama. Mpishi mkuu amekula vipande vitatu, hakusema kitu."

"Huo ndio unitumie picha yake."

"Nikikutumia, utaniambia nini?"

"Nitakuuliza kwanza hali yako. Kisha matusi nitakuwekea akiba, uyapokee ana kwa ana."

"Yakikuwasha sana?"

"Nitakupigia. Na nikishindwa kabisa, nikaandika, liwe jambo lisilowezekana. Kwamba mkate wako umeomba pasipoti. Hapo hata dada yako akisoma, atajua."

"Usimwamini dada yangu."

Kisha sauti yake ikashuka. "Ila mama bado. Amesikia kicheko changu kutoka sebuleni, ameniangalia, ameondoka bila neno. Sijui, mpenzi. Sijui kuhusu Jumamosi."

Usiku huo gauni liliendelea kuning'inia, na Spika alipita bila kulishika mkono. Mwanamume alikuwa amekwisha kumsamehe. Lakini kuolewa kwenye nyumba ambayo mama yake amekukunjia uso, hilo aliliona kwa dada zake na hakulitaka.

Asubuhi yake, kabla ya treni ya kwanza, ujumbe uliingia kutoka namba asiyoijua.

"Mimi mama yake. Njoo Jumamosi. Uje na huo mdomo wako, nataka kuuona."

Spika alikaa chini. Akausoma kwa sauti ya hasira, akaona anaitwa kukaripiwa. Akausoma kwa sauti ya upole, haukukataa. Akausoma kwa sauti ya karani wa mahakama, akajiona kizimbani. Mkata tiketi alipita na funguo zake, Spika akamnyooshea simu, kisha akairudisha haraka kabla hajaishika.

"Hapana," alisema. "Huu hausomwi na mtu mwingine."

Akapiga namba ile ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Sauti kavu, ya mtu mzima, haikutoa dalili yoyote. "Nani?"

"Ni mimi, mama. Mwenye mdomo. Ujumbe wako nimeupata. Ila mimi kwa maandishi nimekwisha kuumiza mtu, sitaki na mimi kujiumiza bure. Naomba, kama hutajali, unisomee mwenyewe."

Kitu kikaanza kule mbali, kama mlango wa kabati ulioshika kutu, kikakoroma, kikafunguka, na Spika akatambua kwamba mama mkwe alikuwa anacheka, na kwamba kicheko hicho kilikuwa hakijatumika siku nyingi.

"Njoo Jumamosi," mama alisoma katikati ya kicheko, akiyavuta maneno kama mtu anayemtekenya mtoto, "uje na huo mdomo wako-o-o, nataka kuuona!" Akavuta pumzi. "Jana nilimsikia mwanangu anacheka, mwanangu! Baba yake alikuwa akinitania mimi asubuhi mpaka jioni. Aliniita kila jina. Tangu atutoke duniani, wote humu ndani wananiamkia, wananipisha, wananiletea kiti."

Kicheko kikapungua, sauti ikabaki peke yake, nyembamba.

"Njoo, mwanangu. Nimechoka kuheshimiwa."